Koseti au skrubu: nilivyojifunza kuisoma pingili iliyopasuka

Picha ya CT ya pingili iliyopasuka ina mahali pamoja ambapo macho ya kila mtu hukimbilia. Ni ule mkato unaoonyesha mfereji wa mgongo kwa juu, na ndani yake kipande cha mfupa kilichosukumwa nyuma, kimeziba theluthi, nusu, au zaidi. Ndugu wa mgonjwa wakionyeshwa picha hiyo hunyamaza. Madaktari wanafunzi hupima asilimia iliyozibwa na kuileta mbele ya wodi kama hukumu. Nimetibu migongo iliyovunjika kwa miaka, na nasema bila kusitasita kwamba kipande hicho kinatisha kuliko kitu kingine chochote kwenye picha, lakini mara nyingi sicho kinachoamua tiba, yaani kama mgonjwa avae koseti, mkanda mgumu wa kushika kiwiliwili, au afungwe skrubu kwa upasuaji.

Sababu ni kwamba picha hupigwa baada ya ajali kwisha. Pingili hupasuka pale uzito wa mwili unapoishukia kwa ghafla, kwa mfano mtu anapoanguka kutoka juu na kutua kwa visigino au makalio. Diski ya juu husukumwa ndani ya mfupa, mfupa unatawanyika pande zote, na ukuta wake wa nyuma unarushwa kuelekea kwenye neva. Katika sehemu hiyo ndogo ya sekunde kipande kinaweza kwenda mbali kuliko pale kinapoonekana, kisha kikarudi nyuma. CT inatuonyesha kilipotulia tu. Ndiyo maana nimeona wagonjwa wenye mfereji ulioziba nusu wakiwa na miguu yenye nguvu kamili, na wengine wenye kipande kidogo wakiwa hawahisi chochote chini ya kiuno.

Mahali penyewe pia pana maana. Migongo mingi hupasukia kati ya pingili ya kumi na moja ya kifua na ya pili ya kiuno, kwa kuwa hapo ndipo kifua kigumu kinachoshikiliwa na mbavu kinapokutana na kiuno kinachojikunja kwa urahisi. Na hapo hapo, kwa watu wazima wengi, ndipo ugwe wa mgongo unapoishia, karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Juu ya hapo kuna ugwe wenyewe, ambao hauvumilii kubanwa. Chini yake kuna shada la mizizi ya neva inayoelea kwenye maji, nayo huvumilia zaidi na hupona vizuri zaidi. Katikati ni ncha ya ugwe, yenye neva za kibofu, haja kubwa na sehemu za siri. Kwa hiyo asilimia ileile ya kuziba haina uzito uleule kwenye pingili mbili zinazofuatana.

Nieleze mgonjwa mmoja aliyenifanya nifikirie haya kwa makini. Alikuwa fundi wa paa mwenye umri wa miaka 41, ameanguka kutoka urefu wa takriban mita nne na kutua kwa miguu. Alifika akiwa amelazwa kwenye ubao, analalamika maumivu makali katikati ya mgongo. Tulimgeuza kama gogo, watu wanne kwa pamoja, nikapitisha vidole juu ya miiba ya mgongo mmoja baada ya mwingine. Nilikuwa natafuta mahali ambapo pengo kati ya miiba miwili limepanuka au pana kishimo laini. Maumivu yalikuwepo, kishimo sikukihisi. Lakini sikuutegemea ukimya wa vidole vyangu, kwa sababu uvimbe huficha mengi.

Vipimo vya neva nilivifanya mwenyewe, tangu nyonga hadi kidole gumba cha mguu. Nguvu zilikuwa kamili. Wengi huishia hapo na kuandika kwamba neva ni nzima. Mimi huendelea na mambo matatu yasiyopendeza kwa mgonjwa wala kwa daktari: kugusa kwa pini ngozi inayozunguka njia ya haja kubwa, kupima kwa kidole kama misuli yake inabana kwa hiari, na kupima kwa ultrasaundi mkojo unaobaki kibofuni baada ya mtu kukojoa. Kwake mkojo uliobaki ulikuwa mililita 40, kiasi kisicho na shida. Visigino vilipigwa picha kwa sababu ya jinsi alivyotua, na mgongo mzima ulipitishwa kwenye CT kwa sababu mvunjiko wa pili mbali na wa kwanza si jambo la nadra. Vyote vilikuwa salama isipokuwa pingili ya kwanza ya kiuno.

Pingili hiyo ilikuwa imepasuka bamba la juu, yaani uso wa mfupa unaogusana na diski, pamoja na ukuta wa nyuma, huku bamba la chini likiwa zima. Mfereji ulikuwa umeziba kama asilimia 45. Kibyongo, nikikipima kutoka bamba la juu la pingili iliyo juu yake hadi bamba la chini la pingili iliyo chini yake, kilikuwa digrii 14 akiwa amelala.

Hapa ndipo uainishaji unapoanza kufanya kazi. Mwaka 1983 Francis Denis aliugawa mgongo katika nguzo tatu, ya mbele, ya kati na ya nyuma, na mvunjiko wa kupasuka ukawa ni ule unaovunja nguzo ya mbele na ya kati. Mgawanyo huo ulitusaidia sana kuzungumza lugha moja, lakini ulifanya nguzo ya kati ionekane kana kwamba ndiyo mlinzi mkuu wa uimara. Mifumo ya leo imehamisha macho kwenda nyuma. Katika mfumo wa mwaka 2013 wa AO Spine, jumuiya ya kimataifa ya wapasuaji wa mgongo, mivunjiko ya kubanwa ni kundi A: A3 ni kupasuka kunakogusa bamba moja tu na ukuta wa nyuma, A4 ni kupasuka kunakogusa mabamba yote mawili. Kundi B ni pale ambapo mkanda wa kano za nyuma, au wa mbele, umekatika kwa kuvutwa. Kundi C ni pale ambapo pingili zimehama kutoka mahali pake. Fundi wetu alikuwa A3, mradi tu kano zake za nyuma ziwe nzima.

Hilo "mradi tu" ndilo lililobeba uamuzi wote. Kano za nyuma, zile zinazounganisha miiba, matao na viungo vidogo vya mgongo, hufanya kazi ya kamba za hema: nguzo ya mbele ikiwa imefupika, kamba za nyuma zikishika, hema linainama kidogo na kusimama. Zikikatika, kila anapokaa au kusimama mgonjwa mgongo unaendelea kukunjika kwenda mbele, na koseti haiwezi kuuzuia. Nimewahi kumwona kijana ambaye picha yake ya CT ilionekana ya kawaida kabisa, mfereji umeziba kidogo tu, lakini kwenye mkato wa pembeni pengo kati ya miiba miwili lilikuwa pana kuliko la juu na la chini yake, na viungo vidogo vimeachana kwa milimita chache. Picha hiyo ilikuwa imepigwa akiwa chali, na mtu akilala chali mgongo uliokatika kano hujinyoosha na kujificha. Huyo hakuwa A3. Alikuwa B2, na tulimfunga skrubu ingawa hakuna aliyetishwa na picha yake.

Kwa hiyo kwa fundi nilitafuta dalili hizohizo: pengo la miiba, kuachana kwa viungo, mwiba uliong'oka kipande, tao lililopasuka kwa mlalo. Sikuona hata moja. Nikaomba MRI. Ilionyesha majimaji kwenye kano iliyo kati ya miiba, lakini ile kano ndefu inayopita juu ya ncha za miiba ilikuwa mstari mweusi usiokatika. Majimaji peke yake huzidisha woga. Kano iliyoteguka hung'aa kwenye MRI, na kano iliyokatika hung'aa pia, na tofauti yake ni kama ule mstari mweusi umekatika. Msomaji wa picha aliandika "haieleweki". Nilimwelewa.

Tulihesabu alama kwa njia mbili. Katika TLICS, mfumo wa kuhesabu alama za majeraha ya mgongo wa kifua na kiuno uliotoka mwaka 2005, kupasuka ni alama 2, neva nzima ni 0, kano nzima ni 0 lakini kano zenye mashaka ni 2. Jumla ikawa 2 au 4, kutegemea unayaamini vipi majimaji yale. Alama 3 kwenda chini hutibiwa bila upasuaji, 5 kwenda juu hupasuliwa, na 4 huachwa kwa daktari na mgonjwa. Katika alama za AO Spine, A3 ni 3, neva nzima 0, na kano zenye mashaka huongeza 1, jumla 4, ambayo nayo iko kwenye eneo la kuchagua. A4 peke yake ingekuwa 5, bado ndani ya eneo hilo. Napenda namba hizi kwa sababu zinamlazimisha daktari aseme wazi anachokiamini kuhusu kano na neva. Asilimia ya mfereji haipewi alama katika mfumo wowote kati ya hiyo miwili.

Kaka yake mkubwa ndiye aliyekuwa msemaji wa familia. Alikuwa ameiona ile picha. "Daktari, nusu ya njia imezibwa. Unataka tumvalishe mkanda na kumrudisha nyumbani?"

"Kaka, naelewa inavyotisha," nilimjibu. "Lakini kama kile kipande kingekuwa kinaumiza neva, tungekiona kwenye miguu na kwenye mkojo. Njia yake ilikuwa na nafasi ya ziada, na nafasi hiyo ndiyo iliyomwokoa. Mwili wenyewe utaila sehemu ya kipande hicho polepole."

"Na kikisogea?"

"Hilo ndilo nitakalolipima. Tutamsimamisha na kumpiga picha. Mgongo ukikunjika, tutampasua, na tutakuwa bado hatujachelewa."

Mgonjwa mwenyewe aliuliza swali bora zaidi: upasuaji ungempa nini. Nilimwambia ukweli kama ninavyoujua. Skrubu zingenyoosha kibyongo siku hiyohiyo, zingemwezesha kuinuka bila hofu nyingi, na pengine maumivu ya wiki za mwanzo yangepungua. Lakini sehemu ya unyoofu huo hupotea baadaye, diski iliyosukumwa ndani ya mfupa inaposhuka. Kuna hatari ya maambukizi, ya skrubu kuvunjika au kukaa vibaya, na mara nyingi kuna upasuaji wa pili wa kuzitoa. Tafiti za kulinganisha kwa kura hazijakubaliana: ile ya Wood ya mwaka 2003 haikuona tofauti ya maana kati ya makundi mawili kwa wagonjwa wasio na jeraha la neva, na ilipowafuatilia tena miaka mingi baadaye waliotibiwa bila upasuaji walikuwa na maumivu kidogo na uwezo mzuri zaidi. Ile ya Siebenga ya mwaka 2006 iliona upande wa upasuaji ukiwa bora. Zote mbili zilikuwa na wagonjwa wachache. Mtu anayeshika utafiti mmoja na kuuficha mwingine anamnyima mgonjwa haki yake.

Kuhusu koseti pia nilimweleza wazi. Mwaka 2014 Bailey na wenzake walichapisha utafiti wa wagonjwa 96 wenye mvunjiko wa kupasuka, neva nzima na kibyongo chini ya digrii 35. Nusu walivaa koseti, nusu waliinuka bila koseti, na matokeo yao yalilingana. Kwa hiyo koseti haiponyi mfupa. Inamkumbusha mtu asiiname, na inawapa wengi ujasiri wa kutembea. Fundi alisema anaihitaji, na mimi sikuwa na sababu ya kumkatalia.

Tulichagua koseti ngumu ya kiwiliwili, inayoshika kifuani chini ya mfupa wa koo na kinena kwa mbele, na kusukuma mgongo kwa nyuma. Urefu wake ni jambo la kuangalia. Koseti fupi ya kiuno, ile ya watu wenye maumivu ya kawaida, inaishia palepale penye mvunjiko wa pingili ya kwanza ya kiuno na haishiki chochote juu yake. Siku ya pili tumbo lake lilijaa gesi na akaacha kupitisha choo. Hilo hutokea mara kwa mara kwa sababu damu inayovuja nyuma ya tumbo hulegeza utumbo, na dawa kali za maumivu huongeza. Tulimpunguzia chakula, tukampa dawa ya kulainisha choo, na koseti ikasubiri tumbo lishuke.

Kisha ikaja picha ninayoiamini kuliko zote, ambayo ni eksirei ya kawaida ya pembeni, amesimama ndani ya koseti. Digrii 14 zikawa 18. Ongezeko hilo nililitarajia. Uzito wa mwili lazima udai kitu. Mpaka wangu ni huu: kibyongo kikiongezeka zaidi ya digrii 10 anaposimama, au maumivu yakimzuia kabisa kusimama hata baada ya dawa, au neva yoyote ikilegea, naacha koseti. Picha hiyo pia ilijibu swali la MRI. Kano zilizokatika zingeachia mgongo hapo hapo.

Aliporudi wiki ya pili alikuwa na digrii 19, wiki ya sita 21. Wiki ya kumi na mbili ilikuwa 22, tukaanza kuivua koseti polepole, saa chache kwa siku, huku mtaalamu wa fiziotherapia akimfundisha kunyanyua vitu kwa magoti na kuimarisha misuli ya mgongo. Aliwahi kupata kidonda chini ya ukingo wa koseti kwenye mbavu, kikapona baada ya kutia sponji na kuvaa fulana ya pamba ndani. Baada ya mwaka mmoja kibyongo kilibaki 22, na CT ilionyesha kipande kimeyeyuka karibu nusu na mfereji umepanuka tena. Alirudi kazini, ingawa mizigo mizito alimwachia msaidizi, na alisema mgongo huchoka jioni. Kibyongo cha namna hiyo kwenye picha hakiendani kwa karibu na maumivu. Nimeona digrii 25 bila malalamiko na digrii 8 zenye malalamiko ya kila siku.

Mgonjwa wa pili namweka kando yake kwa makusudi, kwa sababu picha zao zilifanana mno. Alikuwa mama wa makamo aliyeanguka ngazi, pingili ileile ya kwanza ya kiuno, A3, mfereji umeziba asilimia 40, kibyongo digrii 12, na kano zake za nyuma nzima bila shaka yoyote. Miguu ilikuwa na nguvu kamili na alikuwa amejigeuza mwenyewe kitandani. Mtu akitazama picha na miguu tu, angempa koseti na kumruhusu.

Lakini alipoulizwa kuhusu mkojo alisema, "Mwanangu, nakojoa, ila sijui ninapomaliza." Mkojo uliobaki kibofuni ulikuwa mililita 420. Ngozi ya makalio ya ndani, upande wa kulia, haikuhisi pini, na misuli ya haja kubwa ilibana kwa udhaifu. Ncha ya ugwe ilikuwa imeumia. Miguu ilikuwa salama kwa sababu neva zinazoiendesha hupita pembeni ya ncha hiyo, zikiwa zimeshachipuka juu zaidi. Kwake hesabu ilibadilika papo hapo: jeraha la neva lisilo kamili huongeza alama 3 kwenye TLICS, jumla 5, na alama 4 kwenye AO Spine, jumla 7. Kote ni upasuaji.

Tulimweka mpira wa mkojo, kwa sababu kibofu kilichotanuka kupita kiasi hujiumiza chenyewe, na tukampasua siku iliyofuata. Skrubu mbili zilienda pingili ya juu, mbili pingili ya chini, na mbili fupi kwenye pingili iliyovunjika yenyewe, kisha fimbo zikavuta mgongo kwa urefu. Ukifanya hivyo katika siku za mwanzo, kano ya ndani inayopita nyuma ya miili ya pingili hukazika na kukirudisha kipande mbele kwa kiasi. Kwa sehemu iliyobaki, tulizipa neva nafasi kwa kufungua tao la nyuma. Kufungua tao peke yake bila skrubu ni kosa kubwa la zamani: unaondoa nguzo iliyobaki nzima, na kibyongo kinaongezeka juu ya neva zilizokwisha umia.

Alisimama siku ya pili bila koseti. Kibofu kilichukua miezi. Kwanza alijifunza kuingiza mpira mwembamba mwenyewe mara nne kwa siku, kisha mara mbili, na kufikia mwezi wa saba mkojo uliobaki ulikuwa chini ya mililita 100 na mpira ukaachwa. Ganzi ya upande wa kulia haikuondoka, na choo bado kinahitaji ratiba na dawa ya kulainisha.